Kwa nini faida ya daftari hailingani na hela ya kwenye droo

Jioni ya tarehe 31 Machi, Zuhura alifunga mlango wa fremu yake ya vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, Kibaha, akaketi kupiga hesabu ya mwezi. Zuhura huyu ni wa kubuni, lakini hesabu yake humfika kila mwenye duka, awe anauza sementi au vitenge.

Mauzo ya Machi yalikuwa 9,000,000. Bidhaa hizo alizozinunua kwa 7,400,000, kwa hiyo zilimwachia 1,600,000. Akatoa gharama za mwezi: kodi ya fremu 150,000, mshahara wa kijana anayemsaidia 200,000, umeme na usafiri 100,000, na riba ya mkopo 50,000. Jumla 500,000. Faida ikawa 1,100,000. Akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Mwezi aliuanza na 1,600,000 mkononi, droo na laini ya simu ya biashara kwa pamoja. Akijumlisha na faida, alitarajia kukuta 2,700,000. Akahesabu noti, akahesabu sarafu, akaangalia salio la simu. Jumla ilikuwa 46,500.

Hapo ndipo vijana wengi wa dukani hupoteza kazi. Zuhura naye wazo la kwanza lilimpeleka kwa msaidizi wake, maana ndiye mwingine pekee anayegusa droo. Asubuhi, kabla hajamwita kumhoji, alipitia kwa shangazi yake anayeuza nafaka kwa jumla.

"Shikamoo shangazi. Nimeibiwa milioni mbili na zaidi."

"Marahaba. Nani kakuambia umeibiwa?"

"Daftari."

"Daftari limekuambia umepata faida, mwanangu. Hela halijakuambia ziko wapi. Lete hilo daftari."

Tatizo la Zuhura ni la maana ya neno. Faida ni thamani ya ulichouza ukitoa thamani ya ulichotumia ili kukiuza. Mauzo huandikwa siku bidhaa inapotoka dukani, hata kama mnunuzi hajalipa. Gharama nayo huandikwa kwenye mwezi ulioitumia, hata kama hela ililipwa mapema au italipwa baadaye. Hela ya kwenye droo haijui lolote kati ya hayo. Yenyewe inajua kuingia na kutoka tu. Ndiyo maana jambo moja la biashara linaweza kuandikwa Machi kwenye faida na kugusa droo Mei, au likagusa droo bila kuigusa faida kabisa.

Shangazi alianza na mauzo. "Katika hizi milioni tisa, ngapi zimelipwa?" Zuhura akafungua daftari la madeni, ambalo jana yake hakuligusa. Fundi mmoja anayejenga nyumba Picha ya Ndege alikuwa amechukua nondo na sementi za 1,400,000 kwa ahadi ya kulipa pale mwenye nyumba atakapompa hela. Kwa hiyo fedha iliyoingia ilikuwa 7,600,000.

Deni hili linahitaji kutazamwa zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wengi husema "nimekopesha faida tu." Sivyo. Kwa bei za Zuhura, ndani ya 1,400,000 hiyo faida ni kama 250,000. Iliyobaki, kama 1,150,000, ni mtaji wake mwenyewe uliogeuka nondo na kupanda juu ya nyumba ya mtu. Fundi akitokomea, Zuhura atahitaji kuuza bidhaa za zaidi ya 6,000,000 ili faida yake irudishe tu mtaji uliopotea.

Swali la pili lilihusu manunuzi. Zuhura alikuwa amehesabu bidhaa zilizouzwa, 7,400,000, akasahau kwamba alinunua zaidi ya hapo. Alisikia bei ya sementi inapanda, akaongeza mifuko 40 kwa 15,000 kila mmoja. Hiyo ni 600,000 iliyotoka kwenye droo na kukaa stoo. Sementi ambayo haijauzwa si gharama bado. Ni mali, na itaingia kwenye hesabu ya faida siku itakayouzwa. Shangazi hakuupenda ununuzi huo hata hivyo, maana masika yalikuwa yanaanza. Ujenzi hupungua, na sementi ikivuta unyevu huganda ndani ya mfuko. Akamwambia aipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na mifuko ya zamani itoke kwanza. Iliyoganda italazimika kufutwa, na hapo ndipo ile 600,000 itakapogeuka hasara.

Kulikuwa na jambo moja lililomsaidia Zuhura bila yeye kulitambua. Katika bidhaa za 8,000,000 alizoingiza Machi, misumari na rangi za 500,000 alizichukua kwa mali kauli, yaani kwa neno tu, alipe baada ya siku 30. Hela hiyo ilikuwa haijatoka. Droo ilikuwa na 46,500, na ndani yake hata shilingi moja haikuwa yake kwa uhakika: kabla Aprili haijaisha, mwenye mali angekuja. Hapa pana mtego wa siku. Wewe unadaiwa kwa siku 30, lakini fundi anakulipa mwenye nyumba akipenda. Ukikopa kwa siku chache kuliko unazokopesha, pengo hilo utaliziba kwa mtaji, na kadiri mauzo ya mkopo yanavyokua ndivyo pengo linavyopanuka. Duka linalouza sana hukauka hela kwa njia hiyo hiyo.

Kodi ya fremu ilikuwa rahisi kuiona. Mwenye fremu alitaka miezi sita mbele, Zuhura akalipa 900,000 tarehe 2 Machi. Kwenye hesabu ya faida aliandika sehemu ya Machi tu, 150,000, na alifanya sahihi. Ile 750,000 nyingine imeshatoka kwenye droo lakini ni gharama ya Aprili hadi Agosti. Kama angeiandika yote Machi, mwezi huo ungeonekana na faida ya 350,000 tu, na ile mitano inayofuata ingeonekana minono kuliko ilivyo.

Mwisho ni mambo mawili ambayo hayaingii kwenye faida hata siku moja. Rejesho la mkopo lilikuwa 250,000: riba 50,000, na 200,000 ya kupunguza deni lenyewe. Riba ni gharama. Ile 200,000 si gharama, kama vile mkopo haukuwa mauzo siku alipoupokea. La pili ni hela aliyochukua kwa matumizi ya nyumbani, 200,000. Duka halikuitumia kuuza chochote. Ni mwenye mali amechukua chake. (Angenunua mkokoteni, ungeingia kwenye kundi la kodi ya fremu: hela hutoka siku moja, gharama husambazwa kwa miezi ambayo mkokoteni utadumu, chini ya jina la uchakavu.)

Shangazi akachukua karatasi, akaandika faida juu na kushuka nayo mstari kwa mstari:

Faida ya Machi: 1,100,000
Toa walichokopa wateja: 1,400,000
Toa nyongeza ya bidhaa stoo: 600,000
Ongeza mali kauli ambayo haijalipwa: 500,000
Toa kodi iliyolipwa mbele: 750,000
Toa deni la mkopo lililopunguzwa: 200,000
Toa matumizi ya nyumbani: 200,000
Badiliko la fedha: pungufu 1,550,000

Mwezi ulianza na 1,600,000. Ukitoa 1,550,000 inabaki 50,000. Zuhura alikuwa na 46,500. Tofauti yote iliyotafutwa usiku kucha ilibaki 3,500.

Hizo 3,500 ndizo pekee zilizostahili kuulizwa. Zuhura akapitia ujumbe wa simu, akakuta ni makato ya kutoa fedha kwa wakala, ambayo hakuwa ameyaandika popote. Ni gharama ya Machi iliyosahaulika, kwa hiyo faida sahihi ni 1,096,500. Kijana wa dukani hakuhojiwa.

Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha kutofautisha wizi na tofauti ya kawaida. Ukishuka kutoka faida hadi fedha na mistari yote ikawa na ushahidi, iwe daftari la madeni, hesabu ya stoo, risiti ya kodi au karatasi ya rejesho, kinachobaki bila maelezo ndicho kilichopotea. Ila kipimo kina sharti: stoo ihesabiwe kwa macho, mfuko kwa mfuko, mwanzo na mwisho wa mwezi. Anayebeba misumari bila kuandika haigusi droo. Ukikadiria stoo badala ya kuihesabu, upungufu huo utajificha ndani ya mstari wa bidhaa, na utaonekana faida ambayo haipo.

Aprili mambo yaligeuka. Mvua ilinyesha, mauzo yakashuka hadi 6,000,000, yote taslimu, kwa bidhaa zilizomgharimu 4,950,000. Akitoa gharama zile zile za 500,000, faida ilikuwa 550,000, nusu ya Machi. Lakini fundi alilipa 1,000,000 ya deni lake. Kodi haikudaiwa, maana ile 150,000 ya Aprili ilishalipwa Machi. Zuhura hakujaza stoo, aliuza mifuko 20 kati ya ile 40 ya ziada, hivyo manunuzi yakapungua kwa 300,000. Alilipa mali kauli yote 500,000, akalipa rejesho, akachukua 200,000 ya nyumbani, na bado fedha iliongezeka kwa 1,100,000. Faida ndogo, droo imejaa.

Akitazama droo peke yake, angesema Aprili ulikuwa mwezi mzuri kuliko Machi, na pengine angepandisha matumizi ya nyumbani. Akitazama faida peke yake, angeagiza mzigo mwingine mwanzoni mwa Aprili kwa hela ambayo hakuwa nayo. Sasa anapiga hesabu zote mbili kila mwisho wa mwezi, na ameongeza safu moja kwenye daftari la madeni: tarehe ya kulipwa, kando ya tarehe ambayo yeye mwenyewe anadaiwa mali kauli.

Kwa fundi bado kuna 400,000. Shangazi amemwambia aiache kwenye daftari hadi mwisho wa Juni, asimkopeshe hata msumari kabla ya hapo. Ikifika tarehe hiyo bila malipo, ataiandika kama gharama ya deni lililopotea. Siku hiyo faida itashuka kwa 400,000 na droo haitatikisika hata kidogo, kwa sababu hela hiyo haikuwahi kuingia, na mtaji wake ulishatoka zamani, siku aliponunua nondo.