Pasi ya Kupandia Ndege: Saa Mbili, Geti na Namba ya SEQ

Abiria wengi wanaoachwa na ndege hawakuchelewa kufika uwanjani. Walifika mapema, wakakabidhi mizigo na kupita ukaguzi, kisha wakasoma saa isiyo yao au wakakaa kwenye geti lisilo lao. Sisi tunaohudumia abiria tunaliona hilo mara kwa mara, na linauma kwa sababu taarifa zote walikuwa nazo mkononi. Tuichukue pasi moja ya mfano tuisome pamoja.

```
UKOO/JINA MS
IST - DOH   XX 412   14MAR
BOARDING 23:55   DEP 00:40
GATE B7   GROUP 4
SEAT 23K   SEQ 047
PNR K7TQ2M
```

Mstari wa juu ni jina, na ukoo hutangulia. Wakati mwingine MS au MR hugandishwa moja kwa moja kwenye jina la kwanza. Mifumo mingi huandika hivyo, wala si kosa la tahajia. Herufi tatu tatu zinazofuata ni viwanja: IST ni Istanbul, DOH ni Doha. XX 412 ni namba ya ndege, herufi zake mbili zikiwa za shirika. Mambo hayo hayamsumbui mtu. Penye shida ni kwenye saa.

Kuna saa mbili. DEP ni saa ya kuondoka, yaani wakati ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa. Kufikia hapo milango imeshafungwa zamani. BOARDING ni saa ambayo abiria wanaanza kuingia, na ndiyo unayopaswa kuwa nayo kichwani. Kati ya hizo mbili kuna saa ya tatu, ambayo mara nyingi haichapwi kwa herufi kubwa au haimo kabisa: saa ya kufunga geti. Mashirika mengi hufunga dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka, mengine dakika 10. Kwenye mfano wetu, geti likifungwa dakika 20 kabla, basi saa 00:20 mlango umefungwa. Wahudumu wanahesabu waliomo, na kama kuna asiyeonekana, begi lake linatafutwa na kushushwa. Ukitokea saa 00:25 utaiona ndege kupitia kioo, lakini hutaipanda.

Sasa tazama tarehe: 14MAR. Hiyo ni tarehe ya kuondoka, na ndege inaondoka saa 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14. Abiria wanaanza kuingia 23:55, saa sita kasoro dakika tano, na wakati huo bado ni tarehe 13. Pasi haisemi hivyo. Imeweka tarehe moja na saa mbili, moja ya kila upande wa usiku wa manane. Msafiri anayesoma haraka anaona tarehe 14 na 23:55, anajiandaa jioni ya tarehe 14, na ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kila uonapo saa ya kuondoka inayoanzia na 00, 01 au 02, rudi nyuma siku moja: uwanjani unatakiwa kufika jioni ya tarehe inayotangulia.

Pasi hutumia saa 24 zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 19:10 ni saa moja na dakika kumi usiku. 01:30 ni saa saba na nusu usiku. Ukimpigia mtu simu kumwambia saa ya ndege, msomee tarakimu kama zilivyo, kisha umtajie na saa ya Kiswahili. Kumbuka pia kwamba kila saa iliyochapwa ni ya mahali husika: ya kuondoka ni ya Istanbul, ya kufika ni ya Doha. Anayeunganisha ndege huwa na pasi mbili, na saa ya kupanda ndege ya pili ni ya mji wa katikati, ambayo huenda si ile iliyo kwenye saa yako ya mkononi.

Geti ndiyo taarifa inayochakaa upesi kuliko zote. B7 ni mpango uliokuwepo wakati pasi inachapwa. Ndege iliyotangulia ikichelewa kutoka hapo, yako inahamishiwa kwingine na karatasi yako haibadiliki. Hata picha ya skrini uliyohifadhi kwenye simu haijisasishi. Kwa hiyo ukishapita ukaguzi, tafuta XX 412 kwenye mbao za taarifa, halafu itazame tena unapokaribia muda wa kuingia. Pasi uliyojichapia nyumbani inaweza kuwa na nafasi tupu mahali pa geti; maana yake geti halijapangwa.

GROUP 4 ni zamu yako ya kuingia kwenye foleni. Inategemea daraja la tiketi, uanachama, na mara nyingine safu ya kiti. Haigusi kiti chako, 23K, ambacho ni safu ya 23. Faida ya kundi la mbele ni moja tu ya maana: makabati ya juu huwa bado yana nafasi.

Halafu SEQ 047. Watu huidhani kuwa kiti, geti, au nafasi kwenye foleni. Ni namba ya mpangilio wa kusajiliwa: wewe ni wa 47 kusajiliwa kwa safari hiyo. Aliyejisajili mtandaoni siku moja kabla anaweza kuwa na 003 na bado akaingia katika kundi la mwisho. Namba hii ni ya kazi yetu. Mfumo ukizimika getini, mhudumu hushika karatasi yenye namba na kukata 047 unapopita. Mwishoni, namba ambazo hazijakatwa ndizo za watu wanaotafutwa. Ukiunganisha ndege, kila pasi ina SEQ yake.

Mahali pa kiti unaweza kukuta SBY, yaani uko kwenye orodha ya kusubiri na kiti bado hujahakikishiwa, au GTE, yaani kiti utapewa getini. Katika hali zote mbili nenda ukajitambulishe kwa wahudumu wa geti mapema. SSSS hutokea hasa kwa safari za kwenda Marekani au za ndani ya nchi hiyo: umechaguliwa kukaguliwa zaidi, mwili na mizigo. Si tuhuma, ila huchukua muda, kwa hiyo usingoje dakika za mwisho.

PNR, zile herufi na tarakimu sita, ni kumbukumbu ya nafasi uliyokata. Kwa mashirika mengi, PNR na ukoo vinatosha kufungua safari yako mtandaoni, na mwenye navyo anaweza kubadilisha kiti au hata kufuta safari ya kurudi. Watu hupiga picha ya pasi wakaziba PNR kwa kidole na kuacha msimbo mraba ukionekana. Ndani ya msimbo huo yamo jina, PNR, kiti, SEQ na hata tarehe, iliyoandikwa kama siku ya mwaka: tarehe 14 Machi ni 073 katika mwaka usio mrefu. Simu yenye programu ya kusoma misimbo inayatoa yote. Kama ni lazima uiweke picha hiyo hadharani, ziba na msimbo, au ngoja mpaka umesharudi.