Kwa nini laptopu huchaji polepole kupitia monita

Laptopu iliyochomekwa kwenye monita kwa waya wa USB-C haivuti umeme kwa kadiri inavyotaka. Kwanza vifaa hivyo viwili hupatana, kwa utaratibu uitwao USB-PD, na mapatano hayo ndiyo yanayoweka kikomo cha wati.

Anayetoa umeme ndiye anayeanza. Monita hutangaza orodha ya volti inazoweza kutoa, kwa kawaida 5, 9, 15 na 20, na mbele ya kila moja ampea za juu kabisa. Laptopu huchagua kimoja kati ya viwango hivyo na kukiomba. Monita ikikubali, hupandisha volti. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Kisichotangazwa hakiombwi, hata kama chaja iliyokuja na laptopu ni ya wati 100.

Kinachosahaulika mara nyingi ni waya, nao una usemi mkubwa. Waya wa kawaida wa USB-C huruhusiwa kupitisha ampea 3 tu. Wa ampea 5 huwa na chipu ndogo ndani ya kichwa chake, na monita huiuliza chipu hiyo kabla ya kutangaza orodha. Isipojibiwa, hutangaza ampea 3 na si zaidi, kwa sababu waya mwembamba ukibebeshwa umeme mwingi hupata moto.

Tuseme monita inaweza kutoa wati 90, yaani volti 20 kwa ampea 4.5. Ukitumia waya wa kawaida, hesabu inakuwa 20 × 3, wati 60. Laptopu ikitumia wati 25 kwa kazi nyepesi, betri inabakiwa na 35, na kwa betri ya watisaa 70 hayo ni zaidi ya saa mbili. Ukianza kazi nzito inayokula wati 75, zile 15 zinazopungua zinatoka kwenye betri. Hapo asilimia hushuka huku alama ya kuchaji ikiwa bado inaonekana, na wengi hudhani betri imekufa.

Doki inayopitisha umeme wa chaja huongeza kato lake: hujiwekea sehemu ya wati kwa matumizi yake na ya vifaa vilivyochomekwa kwake, na laptopu hutangaziwa kilichosalia tu.

Kwenye Mac, fungua System Information, kisha Power, usome `Wattage (W)`. Hicho ni kikomo kilichokubaliwa, si umeme unaopita dakika hiyo. Ukiona 60 kwenye monita ya wati 90, badilisha waya kwanza, uweke ulioandikwa 5A au 100W. Namba isipopanda, angalia kama umechomeka kwenye tundu lenyewe la kuchajia, maana matundu mengine ya USB-C kwenye monita hutoa wati chache tu, za kutosha simu.