Umejitoa kwenye barua, hujajitoa kwenye kifurushi

Januari, siku ya mvua, dada mmoja mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi pale Mwanjelwa aliingia ofisini kwangu mabega yamelowa, simu kaishika mkononi. Salamu zenyewe alizimaliza akiwa bado mlangoni. "Kaka, hebu nisomee hii meseji. Mimi si nilijitoa kwenye hii kitu tangu Agosti?"

Meseji ilikuwa ya benki: dola 12.99 zimekatwa kwenye kadi yake tarehe 14, zimekwenda kwa kampuni ya programu ya usanifu aliyokuwa akiitumia kupanga kadi. Tulirudi nyuma kwenye meseji za benki. Tarehe 14 Desemba ipo. Novemba ipo. Oktoba, Septemba. Makato matano, jumla dola 64.95, na programu yenyewe hajaifungua tangu mpwa wake alipomfundisha nyingine ya bure.

Nikamwomba anionyeshe alivyojitoa, hatua kwa hatua, asiruke kitu. Alifungua Gmail, akatafuta barua ya zamani ya ofa za kampuni ile, akanionyesha neno `Unsubscribe` lililokaa pembeni ya jina la mtumaji. Alilibonyeza, kikaja kisanduku cha kuthibitisha, akabonyeza tena. "Na kweli wakanyamaza," akasema. "Ofa zote zikakoma."

Zilikoma kweli, na hapo ndipo aliponaswa. Alichokibonyeza kilifanya kazi yake yote, ila kazi yake ilikuwa nyingine.

Simlaumu. Sisi tumelelewa na malipo ya kabla. Luku ikiisha umeme unakatika, kifurushi cha intaneti kikiisha unanunua kingine au unakaa bila. Na zile huduma za meseji za simu, za dondoo za mapenzi na matokeo ya mpira, ukituma STOP au ONDOA kwenye namba yao, meseji zinakoma na makato yanakoma pamoja, kwa sababu pale meseji ndiyo bidhaa yenyewe. Mtu aliyezoea hivyo akiona `Unsubscribe`, tena kwa kampuni ambayo malipo yake ya kila mwezi inayaita `Subscription`, afikiri nini kingine? Hata Kiingereza chenyewe kimetumia neno moja kwa vitu viwili.

Mimi kazi yangu ni kufunga mifumo hii upande wa wenye biashara, kwa hiyo nieleze kinachotokea nyuma ya pazia. Kampuni ya namna hii kwa kawaida ina mifumo miwili. Mmoja ni wa matangazo: una orodha ya anwani za barua pepe, na mbele ya kila anwani kuna alama ya kuonyesha kama bado inapokea au imejitoa. Mwingine ni wa malipo: una akaunti ya mteja, kadi yake, bei, na tarehe ya kukata tena. Mara nyingi mifumo hii inaendeshwa na watoa huduma tofauti kabisa. Ukijitoa kwenye matangazo, alama inabadilika kwenye orodha ya kwanza. Mfumo wa malipo hauna habari. Tarehe 14 ikifika unakata.

Tofauti hii unaweza kuiona kwa macho ndani ya barua zenyewe. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza vidoti vitatu upande wa kulia, chagua `Show original`. Yatatokea maandishi mengi ya kuchosha. Tafuta mistari michache tu. Barua ya ofa inakuwa na kitu cha namna hii:

```
From: Offers <news@mail.example.com>
List-Unsubscribe: <https://mail.example.com/u/8f3a>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Risiti ya malipo ya kampuni ileile kwa kawaida inakuja hivi:

```
From: Billing <billing@example.com>
Subject: Your receipt
```

Mistari ya `List-Unsubscribe` haipo kwenye risiti. Mwaka 2024 Gmail na Yahoo walianza kuwabana watumaji wakubwa, kwa Gmail wale wa barua 5,000 au zaidi kwa siku, kwamba barua zao za matangazo lazima ziwe na kujitoa kwa mbofyo mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Risiti hazimo kwenye sharti hilo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara nayo inatenganisha tangazo na barua ya muamala, kwa hiyo kampuni inaruhusiwa kuendelea kukutumia risiti hata kama umekataa matangazo yake yote.

Dada aliniuliza swali zuri hapo: "Sasa kwa nini wasiunganishe? Nikikataa barua, wajue sitaki kitu chao." Linavutia, lakini angalia kiungo kile cha kujitoa. Hakikuulizi nywila. Kanuni yake ya kiufundi, iliyotoka 2017, inakataza hata kutuma pamoja na ombi taarifa zinazomtambulisha aliyeingia kwenye akaunti. Yeyote mwenye barua ile anaweza kukibonyeza. Nikamuuliza kama amewahi kumtumia mtu barua ya ofa. Alishawahi, kumtumia mpwa wake. Basi mpwa angeweza kukibonyeza kwa niaba yake bila kujua. Kuna hata mifumo ya usalama ya maofisini ambayo yenyewe hufungua viungo vya barua ili kuvikagua, na ndiyo sababu kanuni ile ikataka ombi la kujitoa litumwe kwa njia ambayo kufungua kiungo tu hakutoshi. Kitu kinachoweza kubonyezwa na mtu mwingine hakifai kuvunja mkataba wa malipo wa mtu.

Kipimo ninachokitumia mimi kinatoka hapohapo: kama hukuingia kwenye akaunti, hujasitisha kitu.

Lakini risiti je? Makato matano yana risiti tano, na risiti ya Septemba peke yake ingetosha kumshtua. Tulipoitafuta hatukuiona. Kumbe risiti ya Septemba ilipofika alidhani ni tangazo jingine lililoponyoka, akakasirika, akabonyeza vidoti vitatu na kuchagua kumfungia mtumaji. Gmail haimrudishii mtumaji barua ya aliyemfungia. Inaitupa kwenye `Spam`, na vya `Spam` vinafutika vyenyewe baada ya siku 30. Siku hiyo ilikuwa tarehe 20 Januari. Ndani ya `Spam` tulikuta risiti moja tu, ya tarehe 14 mwezi uleule. Zile nyingine zilikuwa zimeshafutika. Alikuwa ameziba tundu pekee ambalo kampuni ilikuwa ikimwambia ukweli.

Tukaingia kwenye akaunti yake, kwanza kwa kubadilisha nywila maana hakuikumbuka. `Account`, kisha `Billing`. Pale palikuwa na mstari mmoja ambao ndio ningependa kila mtu aujue sura yake: `Renews on Feb 14`. Miezi mitano baada ya "kujitoa", akaunti bado inasema itajirudia.

Tulibonyeza `Cancel plan`. Ukurasa wa kwanza ukauliza sababu. Wa pili ukatoa punguzo la nusu bei kwa miezi mitatu. Wa tatu ulikuwa na kitufe kikubwa cha rangi, `Keep my plan`, na chini yake maandishi madogo ya kijivu, `Cancel anyway`. Kidole chake kilishaanza kwenda kwenye kile kikubwa. Watu wengi huishia ukurasa wa pili au huu wa tatu, wakafunga simu wakiamini wamemaliza. Tuliporudi `Billing` mstari ulikuwa umebadilika: `Your plan ends on Feb 14`. Tarehe ni ileile, kitenzi ndicho kilichobadilika. Mpaka siku hiyo programu itaendelea kufunguka kama kawaida, kwa sababu mwezi ameshaulipia, isimtishe.

Barua ya uthibitisho haikufika. Tulisubiri kidogo, halafu nikakumbuka: ilikwenda `Spam`, mtumaji si amefungiwa? Tukamfungulia, tukaipiga picha. Barua ya kusitisha inataja jina la kifurushi na siku ya mwisho. Kile kisanduku cha Agosti kilihusu barua za ofa tu, basi.

Kwa njia, si kila kifurushi kinasitishwa kwenye tovuti ya kampuni. Tazama jina kwenye meseji ya benki. Likianza na `GOOGLE *`, ulinunua kupitia Play Store, na mlango wa kutokea ni huko, kwenye `Payments & subscriptions`. Likiwa `APPLE.COM/BILL`, ni kwenye mipangilio ya aifoni. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote, kokote.

Wengine wananiambia wao huacha tu kadi bila hela. Kadi ikikataa, mfumo wa malipo haukati tamaa siku hiyohiyo. Hujaribu tena baada ya siku kadhaa, mara kadhaa. Katikati ya majaribio hayo ukiingiza hela ya kununulia karatasi, inaondoka na programu.

Kuhusu fedha zake, kampuni tuliiandikia. Ilirudisha dola 12.99 za Januari, kwa kuwa programu haikuwa imefunguliwa mwezi huo, ikakataa nne za nyuma. Alikwenda benki kupinga makato. Kadi yake ni ya Visa, na Visa wana kifungu cha makato ya kujirudia yaliyosimamishwa, namba 13.2. Swali la yule wa dirishani lilikuwa moja: ulisitisha lini, na uthibitisho uko wapi? Alichokuwa nacho cha Agosti ni kujitoa kwenye barua za ofa tu. Cha kusitisha kilikuwa cha tarehe 20 Januari, makato yote yakiwa yameshapita. Dola 51.96 zikaishia hapo.

Wiki ya tatu ya Februari akanipigia, sauti juu. "Kaka, wamerudi! Wameniandikia wananikumbuka, nirudi kwa nusu bei." Nikamuuliza kama benki imetuma meseji ya makato tarehe 14. Haijatuma. Nikamwambia akague chini ya barua, au pembeni ya jina la mtumaji, kama kuna `Unsubscribe`.

"Lipo."

"Hilo sasa libonyeze."