Msimbo wa QR kwa mama lishe: wa menyu utengeneze, wa malipo uombe

Mama lishe anayetaka wateja waione menyu kwenye simu, na walipe bila kuhangaika na chenji, akiingia Play Store na kuandika "QR" atakutana na programu za bure kibao. Kabla hajachagua, ajue kwamba anahitaji misimbo miwili, na programu hizo zinaweza kumtengenezea mmoja tu.

Tuanze na wa menyu. Msimbo wa QR ni maandishi yaliyochorwa kwa vijiraba vyeusi na vyeupe. Ukiwekewa anwani ya ukurasa wako, kinachobebwa ni anwani hiyo basi. Hauna tarehe ya kwisha, na hata ukiifuta programu iliyouchora, utaendelea kusomeka. Huo ni msimbo tuli. Programu nyingi, hata hivyo, hukupa aina nyingine bila kukueleza vizuri: ndani yake wanaweka anwani ya kampuni yao, nayo ndiyo inayompeleka mteja kwenye menyu yako. Faida ipo, kwa kuwa unaweza kubadili inakoelekea bila kuchapisha upya. Lakini baadhi yao, muda wa majaribio ukiisha, hudai malipo ya kila mwezi, na usipolipa mteja anaskani anakuta tangazo lao. Wakati huo karatasi zako zimeshabandikwa kila meza.

Kuitambua aina hiyo si kazi. Kabla ya kuchapisha, elekeza kamera ya simu nyingine kwenye msimbo na usome anwani inayojitokeza kabla ya kuibonyeza. Ikiwa ni ya kampuni ya programu na si ile uliyoandika wewe, tafuta programu nyingine. Fanya hivyo pia kwa programu inayoomba kusoma SMS au majina ya kwenye simu yako. Kuchora vijiraba hakuhitaji hayo.

Sasa mchukue muuzaji wa Kariakoo ambaye leo ana wali maharage, kesho ugali samaki, na bei hupanda nyanya zikiadimika. Msimbo tuli unamfaa vilevile, mradi mabadiliko yafanyike kwenye ukurasa. Njia nyepesi ni katalogi ya WhatsApp Business: anaweka picha, jina la chakula na bei, kisha kwenye programu ya QR anachagua "URL" au "Link" na kuandika anwani ya katalogi yake:

```
https://wa.me/c/255XXXXXXXXX
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Asubuhi anabadili bei ndani ya katalogi, na karatasi iliyo mezani haiguswi. Mteja atahitaji WhatsApp na bando, kwa hiyo ubao wa chaki usitupwe.

Uchapishaji nao huharibu kazi nzuri. Picha ya msimbo ukiituma steshenari kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kingo za vijiraba hufifia. Acha ukingo mweupe pande zote. Upana uwe kama sehemu ya kumi ya umbali wa msomaji: wa mezani, sentimita 3 au 4, wa ukutani unaosomwa kutoka mita 1.5, sentimita 15. Leminesheni huzuia mafuta na moshi, ila inang'aa juani, basi jaribu kuskani saa sita mchana pale pale utakapoubandika.

Msimbo wa malipo usiutengeneze mwenyewe. Ukiiandika lipa namba yako kwenye programu ya kuchora, utapata picha yenye tarakimu ambayo programu ya benki au ya mtandao wa simu haitaielewa kama malipo. Wa kweli huandikwa kwa mpangilio maalumu unaoanza na 000201, ukibeba utambulisho wa mfanyabiashara. Huombwa kwa mtandao wa simu au benki iliyokupa lipa namba. Uliza kama ni wa TANQR, mfumo wa pamoja wa Benki Kuu ya Tanzania, ili mteja wa benki au mtandao mwingine naye aweze kuutumia. Chini yake chapisha lipa namba na jina la biashara kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mwenye kitochi anayelipa kwa menyu ya *150*00# na nyinginezo.

Wapo matapeli wanaobandika msimbo wao juu ya wako. Kila asubuhi skani wako kwa programu ya malipo, soma jina linalotokea, kisha rudi nyuma bila kuweka namba ya siri. Na mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, subiri ule unaoingia kwenye yako ndipo umpakulie.