Wakaguzi, benki na mawakili: ukurasa unaorukwa katika ripoti ya mwaka

Karibu kila ripoti ya mwaka ina ukurasa wa "Taarifa za Kampuni", mwanzoni karibu na orodha ya wakurugenzi au mwisho kabisa. Hapo huandikwa ofisi iliyosajiliwa, katibu wa kampuni, wakaguzi wa hesabu, benki na mawakili. Ukiusoma wa mwaka mmoja utaambulia majina tu. Uweke sambamba na wa miaka miwili iliyotangulia, uone nani ameingia na nani ametoka.

Anza na mkaguzi, kwa sababu kati ya wakaguzi, benki na mawakili ndiye pekee anayetia saini maoni yake ndani ya ripoti. Akibadilika, tafuta sababu kwenye taarifa ya wakurugenzi. Kufikia ukomo wa muda wake ni jambo la kawaida. Kujiuzulu kabla ya hesabu za mwaka kufungwa kunahitaji maelezo, na maelezo ya mstari mmoja hayatoshi. Kisha soma maoni yake hadi mwisho. Hata yakiwa safi, chini yake panaweza kuwa na aya inayosema kuna mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli. Wengi huikosa kwa kuishia sentensi ya kwanza.

Angalia pia amelipwa nini. Kwa mwaka 2000, Enron ya Marekani ilimlipa mkaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine. Mkaguzi anayepata zaidi nje ya ukaguzi ana mengi ya kupoteza akimuudhi mteja. Jina lilikuwa kubwa, maoni yalikuwa safi, na Desemba 2001 kampuni ikafilisika.

Kwa upande wa benki, orodha haikuambii ipi inatunza akaunti tu na ipi imekopesha. Jibu liko kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya mikopo: kiasi, dhamana, tarehe ya kuiva na masharti. Tuseme mwaka jana mkopo wa milioni 800, ambao ulikuwa umebakiza miaka minne, uliwekwa kwenye madeni ya muda mrefu. Mwaka huu umehamia wote kwenye madeni ya muda mfupi, ingawa miaka mitatu bado imebaki. Huenda kampuni imevunja sharti, na benki sasa ina haki ya kudai fedha zake mara moja. Ukurasa wa majina bado unaonyesha benki ileile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mawakili wana machache ya kutuambia. Kutajwa kwao si uthibitisho wa chochote kilichomo kwenye ripoti. Lakini orodha iliyokuwa na ofisi moja ikifika tatu, nenda kwenye maelezo ya madeni yanayoweza kujitokeza, usome kesi zilizoko mahakamani na kama kampuni imetenga fedha kwa ajili yake.