Dhahabu ikipanda bei, gramu hupungua na malipo yanaweza kuongezeka

Dhana: Tani za vito zikipungua, basi watu wameanza kuiacha dhahabu.

Kwa hesabu za Baraza la Dhahabu Duniani, vito vya dhahabu vilivyonunuliwa mwaka 2024 vilikuwa tani 1,877, pungufu kwa asilimia 11 kuliko mwaka 2023. Lakini fedha zilizolipwa zilipanda kwa asilimia 9, zikafika dola bilioni 144. Hesabu hizi hazipingani. Bei ya wastani ilipanda kwa asilimia 23, na wanunuzi wakapunguza uzito, ila si kwa kasi ya bei.

Tuseme mama anamwoza binti yake na ametenga shilingi milioni 4 za dhahabu. Gramu ikiuzwa 200,000, sonara anampimia gramu 20, tukiacha kando malipo ya ufundi. Bei ikiruka hadi 300,000, fedha zile zile zinampatia gramu 13 na kidogo. Harusi imeshatangazwa, na bibi harusi hawezi kutolewa shingo tupu. Mama anamwomba mdogo wake amkopeshe 800,000, anarudi dukani na milioni 4.8, anaondoka na gramu 16. Amelipa asilimia 20 zaidi na kubeba asilimia 20 pungufu. Ukisoma mizani tu utadhani hamu yake imepoa, kumbe ameingia na deni kwa ajili ya dhahabu hiyo hiyo.

Dhana: Gramu zikipungua, vito vinavyovaliwa ni vichache.

Hapa wengi hukosea, kwa sababu tani hizo huhesabu dhahabu safi iliyomo ndani ya kito. Mkufu wa gramu 10 wa karati 22, wenye mhuri wa 916, una gramu 9.16 za dhahabu safi. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18, mhuri 750, una gramu 7.5. Shingoni karibu haitofautiki, ila rangi ya njano imefifia kidogo. Bei inapopaa, masonara hutengeneza pia bangili zenye uwazi ndani na mikufu myembamba, ili mteja apate kitu kinachoonekana kwa fedha alizonazo. Kwa hiyo ukinunua wakati kama huu, soma mhuri kabla ya kulinganisha bei za maduka mawili.

Dhana: Bei ikipanda, malipo nayo lazima yaongezeke.

Si lazima. China mwaka 2024 uzito wa vito ulishuka kwa karibu robo, anguko kubwa kiasi kwamba bei ya juu haikutosha kuliziba. Bei ikiruka ghafla, asiye na harusi mlangoni husubiri itulie, maana hakuna anayetaka kununua leo kitu ambacho kinaweza kushuka mwezi ujao. Mwingine huleta bangili za zamani, sonara anazipima na kuzikata kwenye bei ya kito kipya, na fedha taslimu inayotoka mkononi ni ile tofauti tu.