Dai si deni: siku 60 za mteja zinalipwa na nani?

Wiki iliyopita nimelisikia tena lile neno "madeni", safari hii kwa mama mmoja ninayemtunzia vitabu vya hesabu hapa Lubumbashi. Anauza mabati na simenti kwa jumla. Alikuwa amesimama mlangoni mwa depo akizungumza na jirani yake, akasema kwa raha zake: "Niko na madeni mingi ku soko, kazi inatembea muzuri." Mimi nilikuwa ndani nimefungua daftari lake, lile ambalo hukunja pembe ya ukurasa wa kila mteja ambaye hajalipa. Pembe zilizokunjwa zilikuwa nyingi kuliko zilizonyooka.

Siku ileile alikuwa ameniambia kwamba wauzaji wa rejareja wa soko la Kenya, la hapahapa mjini, wanamwomba siku 60 za kulipa badala ya 30, na kwamba atawapa.

Niieleze dhana yenyewe haraka, kwa kuwa haina mengi. Kurefusha muda wa kulipa ni kumwachia mteja bidhaa leo na kusubiri fedha yake kwa siku nyingi kuliko zamani, ili anunue zaidi au ili waje wateja wapya. Kupima kama inafaa ni kuweka upande mmoja faida inayotokana na mauzo yaliyoongezeka, na upande wa pili gharama ya fedha zinazokaa nje pamoja na fedha ambazo hazitarudi kabisa. Ukibaki na kitu, umefanya vema. Ndiyo maana yote.

Linaloniudhi ni lile neno "madeni". Yule mama hana madeni sokoni. Anadai. Deni ni la yule aliyechukua mabati, dai ni la yule aliyeyatoa. Kiswahili kilituletea maneno mawili tofauti kabisa, na yote yalitoka katika Kiarabu kwa njia mbili. "Deni" ni dayn, kitu kilicho juu ya shingo yako. "Dai" linatoka katika mzizi wa kuita na kuomba haki, mzizi uleule uliozaa "daawa", yaani kesi ya mahakamani. Kwa hiyo mwenye dai ni mtu anayeita, na anayeitwa anaweza kuitika au asiitike. Fedha hiyo bado ni wito.

Kifaransa cha maofisini nacho kimetenganisha: kuna kreansi na kuna dete. Kreansi na kredi ni ndugu, mama yao ni neno la Kilatini lenye maana ya kuamini. Hata mpango wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao Kongo imo tangu 2012, unaziweka mbalimbali: unachodai kwa wateja kiko kwenye akaunti namba 411, unachodaiwa na wasambazaji kiko kwenye 401, na dai likianza kutiliwa shaka linahamia 416. Na kama mtu anafikiri ninachambua maneno bure, afungue kamusi za zamani za Kiswahili alitafute "kopa". Ataona maana mbili zimekaa jirani: kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na kulaghai. Wazee walijua kwamba mlango ni mmoja.

Kuchanganya dai na deni kuna gharama, na gharama yenyewe ndiyo hii: ukiliita dai lako deni na kulifurahia, unasahau kwamba mahali fulani kuna deni la kweli linalolibeba. Yule mama hulipa mabati yake kabla lori halijapakiwa kuja mpakani Kasumbalesa. Hakuna anayemsubiri. Kila siku anayomwongezea mteja, ni yeye anayeikopa kwa niaba ya mteja huyo, ama benki, ama kwenye fedha yake ambayo ingefanya kazi nyingine.

Sasa hesabu. Nitatumia tarakimu zilizokaribiana na zake, nikizilainisha ili zifuatike. Kwa mwaka anauza kwa mkopo bidhaa za dola 360,000. Katika kila dola 100, dola 85 zinakwenda na bidhaa yenyewe, usafiri na ushuru, 15 zinabaki. Hiyo 15 ndiyo marje. Fedha anaikopa kwa asilimia 18 kwa mwaka. Anaamini kwamba akitoa siku 60 wateja wapya watamletea mauzo ya dola 72,000 zaidi.

Yeye alikuwa ameshapiga hesabu nyuma ya boni, yaani karatasi ya mauzo ya simenti, na si hesabu mbaya. Mauzo mapya 72,000 mara asilimia 15 ni dola 10,800. Mauzo hayo yakilipwa baada ya siku 60, wakati wowote wateja wapya watakuwa wameshika bidhaa za dola 12,000 (72,000 mara 60 gawanya kwa 360). Lakini yeye kwenye bidhaa hizo ametoa dola 10,200 tu, kwa kuwa marje hakuitoa mfukoni. Asilimia 18 ya 10,200 ni dola 1,836. Wateja wapya ni watu asiowajua vizuri, kwa hiyo alikubali kwamba asilimia 6 ya mauzo yao itapotea: dola 4,320. Toa zote mbili kwenye 10,800, zinabaki dola 4,644. Akaandika namba hiyo akaizungushia duara mara mbili.

Nikamuuliza swali moja: "Mama, na wale wa zamani watalipa lini?"

Hapo ndipo hesabu za namna hii huvunjika karibu kila mara. Siku 60 haziwezi kuwa za wageni peke yao. Katika soko la Kenya, muuzaji anayepewa siku 60 yuko meza mbili tu kutoka kwa yule anayelipa kwa 30, na habari itafika kabla ya jioni. Wateja wa zamani, ambao hawataongeza hata bati moja, nao watachukua siku 60. Leo wameshika dola 30,000 za mama (360,000 mara 30 gawanya kwa 360). Kesho watashika 60,000. Dola 30,000 zaidi zimetoka nje bila kuuza chochote.

Na hizi mimi huzihesabu kwa bei kamili, wala si kwa asilimia 85 kama za wateja wapya. Wenzangu wa kazi huniuliza kwa nini. Ni kwa sababu mauzo hayo ya zamani yalikuwepo tayari na fedha yake nzima, marje ikiwemo, ilikuwa ikiingia mkononi siku ya 30. Sasa haiingii mpaka siku ya 60. Fedha ambayo ungekuwa nayo na huna ni pengo zima. Kwa mteja mpya ni tofauti: bila siku 60 asingekuja, kwa hiyo kilichotoka kwako ni gharama ya bidhaa tu.

Asilimia 18 ya dola 30,000 ni dola 5,400. Toa 5,400 kwenye zile 4,644 zilizozungushiwa duara: hasara ya dola 756. Mpango uleule, na mama hakukosea namba hata moja. Alisahau watu waliokuwa tayari kwenye daftari.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nilitaje kwa haki. Wapo wanaosema: marje ni 15, riba ni 18, basi usikopeshe kabisa. Hao wanalinganisha vitu visivyo na umri mmoja. Riba ya 18 ni ya mwaka mzima. Marje ya 15 inapatikana kila bidhaa inapouzwa na kulipwa, na kwa siku 60 fedha ileile inazunguka mara sita kwa mwaka. Kama wote wangekuwa wateja wapya, mpango wa mama ungekuwa mzuri.

Sasa tofauti ya mwisho, ambayo nayo watu huivuruga: dai lililochelewa na dai lililokufa. Huku kwetu yote mawili huitwa "deni mbaya". Lililochelewa linakula riba, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Linauma lakini unapona. Lililokufa linaondoka na bei nzima. Mteja akipotea na dola 1,000, kwa marje ya 15 mama anahitaji kuuza bidhaa za karibu dola 6,700 ili tu arudi alipokuwa. Ndiyo sababu katika hesabu hii kupanda kidogo kwa wasiolipa kunaumiza kuliko kupanda kwa riba. Tuseme wale wa zamani walikuwa wakimpotezea asilimia 1, na kwa sababu ya muda mrefu ikawa moja na nusu. Nusu hiyo ya 360,000 ni dola 1,800 nyingine, na hasara inafika 2,556.

Kati ya kuchelewa na kufa kuna njia inayoonekana ukiangalia daftari. Mteja huanza kwa kulipa siku ya 60, halafu ya 70. Halafu anaanza kulipa namba za mviringo, dola 200, dola 100, zisizolingana na boni yoyote. Mwisho anaonekana akishusha simenti ya depo nyingine, aliyoinunua kwa fedha taslimu. Huyo wa mwisho usimwandike tena kwenye waliochelewa. Kwa hiyo mimi huomba orodha ya madai kwa umri wake, yaliyo chini ya siku 30, ya 30 hadi 60, na yaliyopita 60, tena wapya kwenye karatasi yao na wa zamani kwenye yao. Ile asilimia 6 ilikuwa makisio. Ni karatasi hizo zitakazosema kama ni 3 au 9. Na kila siku moja ambayo wote wanapitiliza ile 60 inamgharimu mama kama dola 210 kwa mwaka.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inachukulia kwamba mauzo mapya hayadai lori la pili wala depo kubwa zaidi. Yakidai, gharama hizo zinaingia upande wa kutoa, na akiba ya mabati ikiongezeka, fedha iliyolala humo inalipiwa riba vilevile.

Mama hakutoa siku 60. Ametoa 45 kwa wateja watano waliokubali kuongeza manunuzi kwa maandishi, na sokoni wanalalamika kidogo. Jana alianza tena mbele ya jirani yake, "Niko na madeni mingi..." Nikainua kichwa kutoka kwenye daftari: "Mama, unadaiwa ao unadai?" Akacheka, akasema, "Ninadai." Halafu, baada ya kufikiri kidogo: "Na benki, ile ninadaiwa."